Mbona Bima Imelipa Kidogo? Tujifunze Kusoma Barua ya Malipo

Mwaka uliopita wakati wa maembe tuliitwa na kikundi kimoja cha wakulima karibu na Makindu. Walikuwa wameketi chini ya mwembe wa mwenyekiti, na katikati yao kulikuwa na karatasi moja tu. Ilikuwa barua kutoka kwa kampuni ya bima. Pikapu ya kikundi ilikuwa imegonga punda jioni, barabara ya Mombasa, upande wa Kiboko. Dereva alitoka salama, lakini uso wa gari uliharibika. Kikundi kilikuwa na bima kamili, ile watu huita komprihensivu, na kila mwaka walilipa bila kuchelewa. Sasa barua inasema kikundi kitoe shilingi 78,000 kabla ya gari kutoka gereji.

Sanduku la kikundi lilikuwa na 31,000. Maembe yalikuwa yanaiva juu ya miti, na mnunuzi hangoji.

"Huu ni wizi," mama mweka hazina alisema. "Tumelipa bima kamili. Ukamilifu wake uko wapi?"

Mzee mmoja akamjibu, "Mama, tusiite wizi kabla ya kusoma. Hebu tusome mstari kwa mstari."

Tulisoma pamoja siku ile mpaka jua likatua. Tuligundua kwamba karibu makato yote yalikuwa halali, na kwamba moja halikuwa halali. Somo la toleo hili ni yale tuliyojifunza pale. Hesabu tumeziweka kwa namba nzima ili kila mtu aweze kufuata.

NENO LA KWANZA: EKSESI

Kwenye hati za bima kuna neno la Kiingereza ambalo madereva wetu hulitamka eksesi. Kampuni nyingine huliita didaktibo. Maana yake ni ile sehemu ya hasara ambayo mwenye bima amekubali kuibeba mwenyewe kila mara jambo likitokea. Kampuni hubeba kinachobaki.

Kwa nini iko? Kwanza, bila hiyo kila mkwaruzo wa gari ungepelekwa kwa kampuni, na gharama ya kushughulikia makaratasi ingekuwa kubwa kuliko mkwaruzo wenyewe. Basi bei ya bima ingepanda kwa wote. Pili, mtu mwenye pesa yake ndani ya hasara huendesha kwa uangalifu zaidi. Kwa hiyo eksesi si faini, wala haimaanishi kwamba ulikosa. Hata kama hukuwa na kosa lolote, bado inakatwa.

Tuchukue mfano mwepesi wa nyumbani. Tuseme una ng'ombe wa maziwa aliyewekewa bima ya shilingi 80,000, na hati inasema eksesi ni asilimia 10. Ng'ombe akifa kwa ugonjwa uliomo ndani ya bima, asilimia 10 ya 80,000 ni 8,000. Utalipwa 72,000. Hapo hesabu ni rahisi kwa sababu ng'ombe amekufa mzima, hasara na thamani ni kitu kimoja. Ugumu unaanza kwa gari, kwa maana gari huharibika nusu tu.

ASILIMIA YA NINI?

Hapa ndipo kikundi chetu kilipojikwaa, na ndipo wengi hujikwaa. Wakala aliyewauzia bima aliwaambia, "Eksesi ni asilimia 5 tu." Walisikia vizuri, lakini hawakuuliza swali la pili: asilimia 5 ya nini?

Wao walidhani ni asilimia 5 ya gharama ya kutengeneza. Kwa hiyo gereji ikisema 220,000, wao watatoa 11,000. Mtu mmoja alijua kwamba kuna kiwango cha chini cha 20,000, basi wakaweka 20,000 akilini na wakalala usingizi.

Tulipofungua hati yenyewe, maneno yalikuwa hivi kwa Kiswahili chetu: asilimia 5 ya thamani ya gari iliyoandikwa katika bima, isipungue shilingi 20,000. Gari liliandikwa thamani ya 1,200,000. Asilimia 5 ya 1,200,000 ni 60,000. Hiyo ndiyo eksesi yao, iwe gari limeharibika kwa 100,000 au kwa 1,000,000. Haipandi wala haishuki na ukubwa wa ajali.

Kwa hiyo unaposoma hati yako, usitosheke na namba ya asilimia. Tazama maneno yanayoifuata. Yakisema "ya thamani iliyowekewa bima", piga hesabu kwa bei ya gari zima. Yakisema "ya dai" au "ya hasara", piga hesabu kwa gharama ya kutengeneza. Halafu tazama kiwango cha chini. Kati ya asilimia na kiwango cha chini, kinachokatwa ni kile kilicho kikubwa zaidi.

Hapa kwetu Kenya magari ya watu binafsi mara nyingi huwekewa eksesi ya asilimia 2.5 ya thamani, na magari ya biashara kama pikapu za mizigo huwekewa zaidi. Lakini kila kampuni ina hati yake, basi usiende na ya jirani.

Jambo jingine: eksesi haionekani kwenye cheti cha bima. Kile cheti ambacho polisi anaangalia barabarani, siku hizi kikiwa ndani ya simu, kinaonyesha tu kwamba gari lina bima na mpaka tarehe gani. Eksesi iko katika hati yenyewe, kwenye ule ukurasa ulio na jina lako, namba ya gari na thamani yake. Kikundi chetu kilikuwa na cheti peke yake. Hati tuliiomba kwa wakala ndipo akaituma. Usingoje ajali ndipo uiombe.

TUSOME BARUA MSTARI KWA MSTARI

Barua ilikuwa na mistari mitano ya pesa. Tutaichukua mmoja mmoja, kama tulivyofanya chini ya mwembe.

Mstari wa kwanza: Bei ya gereji, 268,000. Hii ni kwotesheni, yaani bei ambayo gereji iliomba. Bado si bei iliyokubaliwa.

Mstari wa pili: Gharama iliyokubaliwa na asesa, 220,000. Asesa ni fundi mkaguzi anayetumwa na kampuni kuangalia gari na kuandika ripoti. Alipofika gereji alisema boneti inyooshwe na kupakwa rangi, hakuna haja ya mpya. Tena aliona mlango wa nyuma una shimo lenye kutu, akasema hilo ni la zamani, punda hakugonga mlango wa nyuma. Akaondoa 48,000.

Mama mweka hazina aliuliza, "Hizo 48,000 ni sisi tutalipa?" Hapana. Gereji na asesa wakikubaliana 220,000, basi hiyo ndiyo bei ya kazi, na kazi iliyoondolewa haifanywi. Hakuna anayedaiwa. Utadaiwa tu kama wewe mwenyewe utamwambia fundi, "Nifanyie na ule mlango ukiwa hapo." Hiyo itakuwa kazi yako na yeye, na bei yake mpatane kwa karatasi tofauti. Kama hukubaliani na asesa, kwa mfano boneti imepasuka na haiwezi kunyooshwa, wakati wa kusema ni kabla kazi haijaanza. Unaweza kuomba nakala ya ripoti yake na kuomba gari likaguliwe tena.

Mstari wa tatu: Mchango wa mwenye gari, kutoa 8,000. Betri ilivunjika katika ajali. Betri mpya ni 16,000. Ile iliyovunjika ilikuwa imetumika miaka miwili. Bima inakurudisha pale ulipokuwa kabla ya ajali, haikusudii kukuacha na mali bora kuliko uliyokuwa nayo. Kwa hiyo asesa alisema nusu ya betri mpya ilipwe na mwenye gari. Hili si eksesi. Ni kitu kingine, na huwekwa kwa vitu vinavyokwisha kwa matumizi: matairi, betri, wakati mwingine ekzosi. Usikubali likate gari zima kwa jumla bila maelezo. Uliza: ni kwa kipuri gani, na kilikuwa kimetumika kiasi gani? Risiti ya kununulia betri inaweza kukusaidia. Kama ungeonyesha kwamba ilinunuliwa miezi mitatu iliyopita, mchango ungekuwa mdogo sana.

Baada ya mstari huu tuna 212,000.

Mstari wa nne: Eksesi ya uharibifu wa gari lenyewe, kutoa 60,000. Hii tumeshaieleza. Tunabaki na 152,000.

Mstari wa tano: Eksesi ya dereva asiye na uzoefu, kutoa 10,000. Tunabaki na 142,000.

Kwa hiyo kampuni italipa gereji 142,000. Gereji inadai 220,000. Pengo ni 78,000, nalo ni la kikundi: 8,000 ya betri, 60,000 ya eksesi, na 10,000 ya dereva. Ukijumlisha, inafika sawa. Hili ndilo jaribio la kwanza la barua yoyote ya malipo: anza na gharama iliyokubaliwa, toa kila kitu kilichotajwa, uone kama unafika kwenye namba ya mwisho. Kama haufiki, kuna mkato ambao hawakuuandika, na unayo haki ya kuuliza ni upi.

MKATO ULIOKUWA NA KOSA

Eksesi zinaweza kuwa zaidi ya moja katika ajali moja. Zinapandiana, moja juu ya nyingine. Ya dereva asiye na uzoefu, au aliye kijana, huongezwa juu ya ile ya kawaida. Jaribio la pili la barua ndilo hili: kwa kila eksesi, tafuta sharti lake ndani ya hati, kisha uulize kama sharti hilo lilikuwako kweli siku ya ajali.

Hati ilisema eksesi hii inakatwa ikiwa dereva ana leseni isiyofikisha mwaka mmoja. Tulimtazama dereva. Ana miaka 28, na wote pale walijua ameendesha tangu zamani. Sasa kampuni ilitoa wapi habari kwamba ni mgeni barabarani?

Ilitoa kwenye fomu ya dai, ambayo kikundi chenyewe kilijaza. Dereva alikuwa amebadilisha leseni yake ya zamani, ile ya kitabu, akapata kadi mpya ya NTSA. Aliyejaza fomu alichukua kadi, akaona tarehe iliyotolewa kadi, miezi saba kabla ya ajali, akaiandika mahali palipoulizwa "Leseni ya kwanza ilitolewa lini?" Hakuwa na nia mbaya. Lakini kwa macho ya kampuni huyu alikuwa dereva wa miezi saba.

Kijana alienda nyumbani akarudi na kile kitabu cha zamani. Kilionyesha leseni yake ya kwanza ni ya mwaka 2016. Tuliandika barua fupi kwa idara ya madai: namba ya dai, namba ya gari, mkato tunaoupinga, sababu, na nakala ya kurasa mbili za kitabu. Hatukuandika maneno ya hasira wala ya wizi. Wiki iliyofuata kampuni ilituma barua nyingine. Mstari wa tano ulikuwa umefutwa, na kampuni ikalipa 152,000. Deni la kikundi likashuka kutoka 78,000 hadi 68,000.

Tunasema wazi, 60,000 haikurudi, kwa sababu ilikuwa halali. Wanachama walichanga, mnunuzi wa maembe akawapa kidogo mapema, na gari likatoka likiwa limechelewa siku tisa. Maembe ya miti ya kwanza yaliharibika. Wangejua eksesi yao ni 60,000 tangu siku ya kununua bima, wangeiweka kando pole pole kama 5,000 kila mwezi, na kwa mwaka mmoja ingetimia.

NANI ANAPOKEA ESKESI, NA LINI?

Watu wengine hutafuta eksesi kwenye hundi na hawaioni. Inategemea jinsi dai linavyolipwa. Ukilipwa pesa mkononi, kama gari limeharibika kabisa, kampuni hukata eksesi kisha inakupa kilichobaki. Gari likitengenezwa, kampuni hulipa gereji pungufu, na wewe unapeleka eksesi gereji siku ya kuchukua gari. Kampuni nyingine hutaka uilipe kwao kwanza ndipo waandike barua ya kuruhusu gari litoke.

Hatari iko hapo katikati. Ukishalipa kwa kampuni, na fundi naye anakudai, umelipa mara mbili. Kwa hiyo kila shilingi ya eksesi iwe na risiti, na risiti iandikwe namba ya dai. Usimpe wakala pesa taslimu kwa neno tu.

MKATO AMBAO HAWAKUUPATA, LAKINI WEWE UNAWEZA KUUPATA

Watu wengi hupunguza thamani ya gari ili walipe bima kidogo. Gari la 1,500,000 wanasema ni la 1,200,000. Hati zingine zina kifungu kinachoitwa avareji. Kinasema hivi: kama uliweka bima pungufu, basi na malipo yatakuwa pungufu kwa kipimo hicho hicho.

Tuseme kikundi chetu kingekuwa na kifungu hiki, na asesa aone gari kabla ya ajali lilikuwa na bei ya 1,500,000 sokoni. Bima yao ya 1,200,000 ni asilimia 80 ya hiyo. Basi ile 212,000 ingehesabiwa asilimia 80 yake, yaani 169,600. Kwa kawaida ni baada ya hapo ndipo eksesi ya 60,000 inakatwa, na wangebaki na 109,600. Wangepoteza zaidi ya 42,000 kwa sababu ya kuficha bei. Ukiona kwenye barua neno avareji au "bima pungufu", uliza mambo mawili: bei ya soko waliipata wapi, na kifungu kiko ukurasa gani wa hati? Kama kifungu hakimo, mkato hauna mguu wa kusimamia.

KO-PEI YA HOSPITALI NI NDUGU YA EKSESI

Katika bima za afya za kampuni binafsi utakutana na ko-pei. Nayo ni sehemu ya mgonjwa, lakini hulipwa pale pale dirishani. Nyingine ni pesa kamili kwa kila ziara. Tuseme ni 1,000. Bili ikiwa 4,600, wewe unatoa 1,000 na bima 3,600. Nyingine ni asilimia ya bili. Tuseme ni asilimia 10. Bili ya 4,600 unatoa 460, lakini bili ya kulazwa ya 80,000 unatoa 8,000.

Tofauti yake na eksesi ya pikapu ni hii: eksesi ya asilimia ya thamani imesimama mahali pamoja, lakini ko-pei ya asilimia inakua pamoja na bili. Kwa hiyo kabla ya kulazwa uliza kama ni pesa kamili au ni asilimia, na kama kuna kikomo ambacho haipiti.

AJALI NDOGO, NA KOSA LA MTU MWINGINE

Ukielewa eksesi utajua pia kwa nini ajali zingine bima hailipi kitu. Kama pikapu ile ingevunjika taa na gadi kwa 45,000, hiyo ni chini ya 60,000. Hakuna cha kudai kwa upande wa gari lako. Hata hivyo iarifu kampuni kwa maandishi, hasa kama kuna mtu aliyeumia au mali ya mwingine iliyoharibika, kwa sababu dai la mtu huyo linaweza kufika baadaye, na kampuni ikakataa kwa kuwa haikuarifiwa.

Na ikiwa kosa ni la mwingine? Tuseme umesimama Makindu na lori likarudi nyuma likakugonga. Bima yako italipa na kukata eksesi yako kama kawaida. Lakini eksesi hiyo ni hasara uliyopata kwa kosa la mwenye lori, na unaweza kumdai yeye au bima yake. Hapo utahitaji abstrakiti ya polisi, namba ya lori na jina la bima yake, na risiti ya eksesi uliyolipa. Ikibidi, Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Onyo moja: usikubaliane na mwenye lori kando ya barabara kwamba mmemaliza, kabla hujaambia kampuni yako. Kampuni nayo ina haki ya kumdai ilichokulipia, na ukimsamehe wewe unaweza kuharibu haki hiyo na dai lako pia.

KABLA YA KUTIA SAHIHI

Mwisho wa dai kampuni huleta karatasi ya kukubali malipo. Wengi huitia sahihi kwa furaha ya kuona pesa. Isome. Mara nyingi imeandikwa kwamba malipo haya ni kamili na ya mwisho. Ukitia sahihi, mlango wa kupinga mkato unakuwa mwembamba sana. Kikundi chetu kiliandika barua ya kupinga kabla ya sahihi, ndiyo maana kilisikizwa. Kama una shida ya pesa na hubishani na sehemu kubwa, omba kwa maandishi walipe sehemu isiyo na ubishi, na ile moja ibaki wazi mpaka ijibiwe.

Kampuni isipojibu, au ikijibu bila kuonyesha kifungu cha hati, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kusimamia Bima, IRA, iliyoko Nairobi. Peleka hati ya bima, barua ya malipo, barua yako na jibu lao kama lipo. Mamlaka haiwezi kufuta eksesi uliyoikubali kwenye hati. Inaweza kuuliza kuhusu mkato usio na msingi.

Na unaponunua bima mwaka ujao, uliza kama kuna nyongeza ya kukinga eksesi. Kwa magari ya watu binafsi mara nyingi huuzwa kama asilimia 0.25 ya thamani. Kwa gari la 1,200,000 hiyo ni 3,000 kwa mwaka. Kwa magari ya biashara si kila kampuni inakubali, na mara nyingi eksesi ya wizi haimo. Uliza inakinga eksesi ipi, na ipi inabaki kwako.

ZOEZI LA KIKUNDI

Mtu mmoja asome, wengine wapige hesabu kwa karatasi, kisha mlinganishe.

Gari dogo la Kibwezi limewekewa bima ya thamani ya 600,000. Eksesi ni asilimia 2.5 ya thamani, isipungue 15,000. Asesa amekubali gharama ya 90,000. Mchango wa tairi ni 5,000.

1. Kampuni italipa ngapi, na mwenye gari atalipa ngapi?

2. Kama gharama iliyokubaliwa ingekuwa 14,000, bila mchango wowote, kampuni ingelipa ngapi?

3. Hati ina kifungu cha avareji, na bei ya soko ilikuwa 800,000. Sasa kampuni italipa ngapi katika swali la kwanza?

Majibu: (1) Kampuni 70,000, mwenye gari 20,000. (2) Hakuna kitu, eksesi ni kubwa kuliko hasara. (3) 600,000 ni asilimia 75 ya 800,000. Asilimia 75 ya 85,000 ni 63,750. Toa 15,000, inabaki 48,750.

Mkimaliza, kila mwenye bima alete hati yake katika mkutano ujao. Tafuteni pamoja ukurasa wa eksesi, mpige mstari chini yake kwa kalamu, na mwandike pembeni, kwa shilingi, kiasi ambacho mwenye hati atatoa siku ya ajali.